Ilani ni halisi au ni halali? Uchambuzi wa barua mbili za mwenye nyumba

BARUA rasmi ni utanzu ambao wahakiki wa Kiswahili wameupuuza. Huachiwa walimu wa shule za upili, nao huufunza kwa kutazama umbo: anwani mbili, tarehe, mtajo, mada iliyopigiwa mstari, mwili, tamati na sahihi. Mwanafunzi akipanga hayo vizuri hupata alama zake, akaenda zake. Ila ziko barua ambazo anayezisahihisha si mwalimu, na alama inayotolewa ni paa juu ya kichwa cha mtu. Wiki hii nataka tuzisome mbili za aina hiyo.

Zote mbili ziliandikwa na mama mmoja katika mji fulani humu nchini, kwa ofisi ya manispaa, kuhusu jambo lilelile. Nimeruhusiwa kuzitumia kwa sharti kwamba majina, nambari na mji visitajwe. Chanzo chake ni karatasi aliyoikuta imebandikwa mlangoni tarehe 7. Karatasi yenyewe ilikuwa ya tarehe 3, ina nembo ya ofisi, muhuri, nambari ya kumbukumbu, na agizo kwamba jengo lisiloidhinishwa lingebomolewa baada ya siku saba. Chini kabisa palikuwa na nambari ya simu ya mkononi ya kupiga 'kwa maelezo zaidi'. Majirani walikuwa na hukumu tayari. Wengine walisema hao ni kanjo, tena kanjo hawana mchezo. Wengine walisema ni matapeli wanaotafuta hela ya kusimamisha tingatinga ambalo halipo.

Barua ya kwanza aliiandika alasiri ileile. Baada ya salamu, mwili wake unasema hivi:

"Kwa heshima na taadhima, mimi ni mjane na mama wa watoto wanne. Naomba radhi kwa kuwasumbua. Nimepokea ilani yenu mliyobandika kwenye nyumba yangu mkinitaka niondoke kwa siku saba. Nyumba hii tuliijenga na marehemu mume wangu kwa jasho letu, na hata kama kuna mahali tulikosea tunaomba mtuhurumie. Ilani yenyewe ina makosa mengi ya lugha kwa hivyo nina shaka nayo. Naomba mnijulishe kama ni halali. Nitashukuru sana kwa msaada wenu."

Mada aliyoiweka juu ni 'KUH: OMBI LA MSAADA'.

Kwa kipimo cha darasani, barua hii si mbaya. Sarufi yake ni safi na adabu yake haina kasoro. Kwa kipimo cha kazi iliyotumwa kufanya, imeshindwa, na sababu za kushindwa kwake ni za kiisimu kabla ya kuwa za kisheria.

Tuanze na neno analolitegemea, 'halali'. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tumeyachanganya maneno mawili yanayofanana kwa sauti, 'halisi' na 'halali', na yote mawili yana asili ya Kiarabu. Halisi ni kitu kisichoghushiwa, kilicho chenyewe, kama tusemavyo dhahabu halisi au nakala halisi ya cheti. Halali ni kitu kinachoruhusiwa, awali na dini, kisha na sheria yoyote. Noti ya benki ikiwa bandia si halisi. Noti halisi iliyoibwa haiko mikononi mwa mwizi kwa njia halali. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mwenye kuulizwa moja hana wajibu wa kujibu jingine.

Sasa tuyarudishe kwenye mlango wa mama yetu. Ilani inaweza kuwa halisi, yaani imetoka kweli katika ofisi ya manispaa, na bado isiwe halali. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 72, inataka ilani ya utekelezaji itaje jengo au kazi inayodaiwa kufanywa bila idhini, hatua zinazotakiwa kuchukuliwa, siku ambayo ilani inaanza kufanya kazi, na muda wa kutimiza hatua hizo. Ilani iliyotoka ofisini ikiwa haina mambo hayo ina kasoro mbele ya sheria hata kama muhuri wake ni wa kweli. Kinyume chake nacho kinawezekana. Karatasi inaweza kuwa ya kughushi kabisa, ilhali nyumba inayotajwa kweli ilijengwa bila kibali.

Anapouliza 'kama ni halali', mama anaiomba ofisi iamue juu ya sheria. Hilo ni swali ambalo karani hawezi kulijibu akiwa mezani, na afisa wa mipango hatalijibu bila kufungua faili ya ploti, kuulizia ramani zilizoidhinishwa, na pengine kutuma mkaguzi wa majengo. Swali alilolihitaji kwanza ni jepesi zaidi: karatasi hii ilitoka kwenu au haikutoka? Jibu lake limo katika rejista, na huhitaji dakika chache tu kulitafuta.

Tatizo la pili limejificha ndani ya viambishi. Tazama 'ilani yenu mliyobandika'. Kimilikishi '-enu' kinasema ilani ni ya ofisi. Kiambishi cha nafsi 'm-' kinasema ofisi ndiyo iliyobandika. Wanaisimu huyaita mambo kama haya uchukulizi wa awali, yaani taarifa ambayo sentensi huichukulia kuwa kweli kabla haijaanza kusema lake. Mama anauliza kama ilani ni ya ofisi katika barua ambayo tayari imeshasema ni ya ofisi. Msomaji mvivu ofisini ataona raiya aliyekwisha kuikubali ilani na anayelalamika tu. Neno 'nimepokea' linaongeza uzito uleule, kwa sababu muda wa kukata rufaa huhesabiwa tangu mtu alipokabidhiwa ilani. Kama kubandika karatasi mlangoni ni kumkabidhi mtu au siyo ni suala la mawakili. Barua ya kuulizia haina haja ya kulijibu kwa niaba ya upande wa pili.

Tatu ni lile fungu la kuomba huruma: 'hata kama kuna mahali tulikosea'. Desturi yetu ya unyenyekevu ni nzuri, na sitaki kuidharau. Mtu mzima hakatizi ua wa mwenziwe bila kupiga hodi. Lakini katika maandishi yanayowekwa kwenye faili, unyenyekevu wa aina hii hubadilika ukawa ungamo. Maneno 'tulikosea' na 'mtuhurumie' hayafutiki. Siku suala likifika mbele ya kamati au mahakama, mwenye kuisoma barua hiyo hatasikia sauti ya mama anayebisha hodi. Atasoma mtu aliyekiri. Adabu ilikuwa na nafasi yake katika mtajo na katika tamati, na hapo ingetosha.

Nne ni hoja ya makosa ya lugha. Hii ndiyo inayotuvutia sisi wa taaluma hii, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ati karatasi ina tahajia mbovu, kwa hivyo ni ya matapeli! Yeyote aliyewahi kusoma matangazo ya ofisi zetu anajua kwamba makosa ya tahajia yamejaa katika nyaraka za kweli, nazo nyaraka za kughushi zinaweza kuwa safi mno kwa kuwa aliyezighushi alinakili kutoka kwa ya kweli. Dalili zenye nguvu zaidi zilikuwa pale pale kwenye karatasi naye hakuzitaja: hapakuwa na nambari ya ploti, hapakuwa na kifungu cha sheria, sahihi haikuwa na jina wala cheo, na nambari ya simu ilikuwa ya mkononi. Hata hizo ni dalili tu. Uthibitisho hautoki kwenye karatasi yenyewe. Hutoka kwenye rejista ya anayedaiwa kuitoa.

Ndiyo maana pia hakupaswa kuipiga ile nambari ya simu, na kwa bahati hakuipiga. Kuuliza ukweli wa ilani kwa nambari iliyoandikwa kwenye ilani hiyohiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Barua hiyo ya kwanza ilipokelewa mezani bila kugongwa muhuri, naye akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ingekuwa baada ya tarehe 10, siku ambayo zile siku saba zingekwisha zikihesabiwa tangu tarehe ya karatasi. Jioni hiyo alimwendea jirani yake, mwalimu mstaafu, wakaandika upya. Barua ya pili ilifika ofisini asubuhi ya tarehe 8. Mada yake ni hii: 'KUH: OMBI LA KUTHIBITISHIWA IWAPO ILANI ILIYOBANDIKWA KWENYE PLOTI NAMBARI [imeondolewa] ILITOLEWA NA OFISI YENU'. Mwili nao unasema:

"Tarehe 7 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa mbele wa nyumba iliyo kwenye ploti iliyotajwa hapo juu. Karatasi hiyo ina jina na nembo ya ofisi yenu, imeandikwa tarehe 3, na inasema jengo litabomolewa baada ya siku saba. Sikukabidhiwa na mtu yeyote, wala sikumwona aliyeibandika. Picha zake mbili zimeambatishwa, pamoja na nambari ya kumbukumbu kama inavyosomeka.

Naomba mnijibu kwa maandishi maswali haya. Kwanza, je, ilani yenye nambari hiyo imo katika rejista yenu? Pili, ikiwa imo, inahusu ploti gani na jengo gani? Tatu, ilitiwa sahihi na afisa wa cheo gani, na chini ya kifungu gani cha sheria? Nne, je, nambari ya simu iliyo chini ya karatasi ni ya ofisi yenu?

Kwa kuwa karatasi inasema ubomoaji ni baada ya siku saba, muda huo unaisha tarehe 10. Watu wanane wanalala katika nyumba hii, wakiwemo watoto. Naomba jibu kufikia mwisho wa saa za kazi tarehe 9. Barua hii haikubali wala haikanushi lolote lililoandikwa kwenye karatasi hiyo. Ombi hili ninalitoa kama raiya, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016."

Mwalimu alinisimulia kwamba walipofika kwenye sentensi ya mwisho mama alisita. "Mwalimu, kwani hawatakasirika nikiwaandikia hivi?" Naye akamjibu, "Mama, wewe unauliza tu. Hujamlaumu mtu." Jibu hilo lina uhakiki ndani yake. Barua ya pili haina ukali. Haina hata neno moja la kushutumu. Kilichobadilika ni kwamba imeacha kuzungumza juu ya mwandishi wake na kuanza kuzungumza juu ya karatasi.

Tazama jinsi sarufi ilivyobeba mabadiliko hayo. 'Ilani yenu' imekuwa 'karatasi', jina ambalo halimpi mtu yeyote umiliki. 'Mliyobandika' imekuwa 'imebandikwa', kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Mara nyingi tunailaumu kauli hii kwa kuwaficha wenye makosa, kama ofisi isemavyo 'fedha zilipotea'. Hapa inafanya kazi ya uaminifu: mtenda hatajwi kwa kuwa hajulikani, na kumjua ndilo lengo la barua. 'Nimepokea' imekuwa 'nilikuta', kitenzi cha mtu anayeeleza alichokiona tu. Na 'ina jina na nembo ya ofisi yenu' ni sentensi iliyopimwa kwa makini, kwani inaeleza kilicho juu ya karatasi bila kusema kilifikaje hapo.

Mada nayo imebeba mzigo wake. Katika ofisi za umma barua husomwa kwanza na masijala, na karani wa masijala anaamua iende kwa nani kwa kuutazama mstari mmoja. 'Ombi la msaada' linaweza kwenda idara ya huduma za jamii, likangojea zamu yake na maombi ya karo. Mada inayotaja ilani na ploti haina pengine pa kwenda ila kwa afisa wa mipango.

Kuhusu sheria aliyoitaja, kuna jambo moja linalopaswa kuwafurahisha wapenzi wa Kiswahili. Sheria ya Kupata Habari, katika kifungu cha 8, inasema ombi lifanywe kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, likiwa na maelezo ya kutosha ili afisa ajue kinachotakiwa. Kwa hivyo raiya anayeuliza kwa Kiswahili kuhusu ilani iliyoandikwa kwa Kiingereza haombi fadhila. Wala hahitaji kueleza sababu za kutaka habari hizo ili astahiki kupewa. Yale ya ujane na marehemu mume, ingawa ni ya kweli na ya kugusa moyo, hayakuhitajika. Watu wanane wametajwa katika barua ya pili kwa kazi moja tu, kuonyesha haraka. Sheria humpa afisa siku 21 kujibu ombi la kawaida, na saa 48 habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Kama ubomoaji wa nyumba yenye watoto ndani unaingia katika lile fungu la uhai ni jambo la kubishaniwa, lakini kubishania kunahitaji ukweli uliokwisha kuandikwa.

Safari hii mama alikwenda na nakala mbili, akaomba ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ya kurudi nayo nyumbani ni sehemu ya barua kama ilivyo sahihi. Bila hiyo, barua ya kwanza ni kana kwamba haikuandikwa.

Jibu lilitoka alasiri ya tarehe 9, nalo ni la sentensi mbili. Linasema nambari ya kumbukumbu iliyotajwa imo katika rejista ya ofisi, ila ilitolewa kwa jengo jingine kwenye ploti nyingine. Na kwamba nambari ya simu iliyo kwenye picha si ya ofisi. Yaani aliyeibandika karatasi alikuwa amenakili ilani ya kweli ya mtu mwingine, akabadilisha mwisho wake.

Hapo ndipo thamani ya swali la pili inapoonekana. Laiti mama angeuliza tu kama ilani nambari fulani ni ya ofisi, angejibiwa 'ndiyo', na jibu lingekuwa la kweli. Angekwenda nyumbani akiamini nyumba yake itabomolewa, na kwa uwezekano mkubwa angeipiga ile simu. Nambari ilikuwa halisi, karatasi haikuwa. Swali lililotenganisha nambari na ploti ndilo lililowakamata.

Hata hivyo, tusilipe jibu hilo uzito lisiokuwa nao. Limesema karatasi si halisi. Halikusema nyumba ina kibali, na mama hakuliuliza hilo. Kama hana ramani zilizoidhinishwa, ilani halisi inaweza kuja siku yoyote. Na kama jibu lingekuwa kinyume, kwamba ilani ni ya ofisi na ni ya ploti yake, barua hii isingesimamisha chochote. Kuuliza hakuzuii siku kuhesabiwa. Sheria ya 2019 humpa aliyekabidhiwa ilani siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya uhusiano ya mipango na matumizi ya ardhi ya kaunti, nayo kamati ina siku 30 za kuiamua. Ingebidi rufaa iandikwe mara moja, na huko ndiko swali la 'halali' lingepata mahali pake: kwamba ilani haikutaja jengo, haikutaja kifungu, na ilimpa siku saba pale ambapo sheria inampa 14 za kulalamika. Hayo yote ni hoja, na hoja huenda kwa mwenye mamlaka ya kuamua.

Kwa hivyo tofauti kati ya maneno yale mawili ni tofauti ya milango. 'Halisi' hupelekwa masijala, na hujibiwa kwa kufungua rejista. 'Halali' hupelekwa kwenye kamati, na hujibiwa kwa kusikiliza pande mbili. Mama yetu aliipeleka barua ya kwanza kwenye mlango wa kwanza ikiwa na swali la mlango wa pili, akaambiwa arudi wiki ijayo. Walimu wanaofunza barua rasmi wangeweza kuchukua barua hizi mbili darasani, wakawapa wanafunzi kazi moja: mpigieni mstari kila kiambishi kinachomwambia msomaji nani alifanya nini, kisha mseme kama mwandishi alijua jambo hilo au alilidhani tu.